Ubao mweupe kwenye picha sio mweupe, gawanya usikate

Kila kikao kikiisha lazima kuna mtu atapiga picha ubao, afu anabonyeza kile kitufe cha nyeusi na nyeupe, matokeo yake kona moja imekuwa masizi matupu na upande wa dirishani maandishi yameyeyuka. Hapo lawama zote kwa simu. Simu ya watu haina kosa jamani.

Tuchukue namba, 0 ni weusi tii na 255 ni weupe kabisa. Dirishani ubao wenyewe unasoma 210, kule kwenye kivuli unasoma 120. Tuseme wino wa makapeni unapunguza namba hadi asilimia 60 ya ubao ulio pembeni yake, basi mstari wa dirishani utasoma 126 na wa kivulini 72. Kukata ni kuchagua namba moja, kilicho chini yake kiwe cheusi na kilicho juu yake kiwe cheupe. Haya, utakata wapi? Ubao wa kivulini ni mweusi kuliko wino wa dirishani! Namba moja ya kukatia picha nzima haipo, hata ukeshe unavuta kile kitelezi.

Mi nasema gawanya. 126 kwa 210 ni 0.6, 72 kwa 120 ni 0.6 vilevile, na ubao mtupu unatoka 1 kila mahali, kivuli kwisha. Unaigawa kwa picha ya ubao usio na maandishi, ambayo unaitoa humohumo: kila pikseli inachukua thamani ya jirani yake mng'avu kuliko wote, mistari inamezwa, kisha unaitia ukungu kidogo. Kwa ImageMagick, programu ya kuchezea picha kwa kuandika amri, ni hivi:

```
magick ubao.jpg \( +clone -morphology Dilate Disk:15 -blur 0x20 \) -compose Divide_Src -composite -level 50%,92% safi.png
```

Hiyo 15 ni nusu ya upana wa duara kwa pikseli, na duara lazima liwe pana kuliko mstari. Kama mtu kajaza kiboksi chote wino, utaona katikati pametoboka imebaki fremu tu, basi ongeza. Hiyo 92% nayo, ambayo kinachoizidi kinakuwa cheupe kabisa, ina mambo yake: ukipandisha hadi 96 mistari ya kalamu iliyokaukiwa inarudi, ila na mabaki ya maandishi yaliyofutwa vibaya jana nayo yanafufuka. Mi bora hayo mabaki kuliko kupoteza namba ya mtu.

Na msianze kwa kutoa rangi, tafadhali. Wino wa njano unapunguza bluu tu karibu peke yake, na bluu ina uzito mdogo kwenye kijivu, kwa hiyo unapotea hapohapo. Ukigawa kila rangi kivyake njano inabaki, na ule umanjano wa taa unaondoka bure.

Pale mwanga wa taa ulipopiga mpaka pakasoma 255 hapana dawa, wino haumo kwenye picha, sogea pembeni upige nyingine. Na ukiituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na vile vimadoa vinavyozunguka herufi vitakolea ukija kugawa.