Nimehama, Lakini Mizigo Imebaki

Uamuzi wa kufuta akaunti yangu ya mtandao wa kijamii niliufanya jioni moja, baada ya mpwa wangu wa darasa la saba kunisomea mbele ya wageni salamu za mwaka mpya nilizoziandika mtandaoni enzi za ujana, zenye alama za mshangao 11. Mke wangu akanikumbusha kwamba picha zetu zote zimo humo, kwa hiyo nizipakue kwanza. Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Akaunti ilikuwa wazi kwenye simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nami niliweza kusoma, kuandika na hata kugombana na watu bila kizuizi chochote. Nilipobonyeza sehemu ya kupakua taarifa zangu, ndipo nikaulizwa neno la siri, ambalo nililiweka miaka 12 iliyopita na kulisahau wiki hiyohiyo. Nikaomba kulibadili, nikaambiwa kwamba tarakimu 6 za uthibitisho zimetumwa kwenye namba inayoishia na 47. Laini hiyo niliiacha bila kuitumia mpaka kampuni ya simu ikaichukua na kumuuzia mtu mwingine.

Nikaipigia, akapokea mama mwenye sauti ya upole.

“Shikamoo mama. Kuna ujumbe wenye namba 6 umeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee.”

“Marahaba mwanangu. Wenzako waliniambia nitume ile hela kwenye namba hii, wewe umekuja na mtindo mpya?”

Akakata, na kusema kweli alifanya sawasawa, maana ningekuwa mimi ningemtukana kwanza. Kumbe chini kabisa ya ukurasa ule, kwa maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, palikuwa na njia nyingine ya kuthibitisha: barua pepe yangu, ambayo bado ninaifungua. Nikabadili neno la siri dakika hiyohiyo. Hapo nikaulizwa kama nataka kuvitoa vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti, nikakataa, kwa kuwa simu ile iliyopasuka ndiyo iliyokuwa mlango pekee nilioubakiza.

Ombi la kwanza nililiharibu mwenyewe. Niliachiwa nichague kati ya miundo miwili ya faili, HTML inayofunguka kama ukurasa wa tovuti na JSON, nikachagua JSON kwa kuwa jina lake lilinikumbusha jirani yetu Jasoni. Faili lilipokuja, zile salamu za mwaka mpya zilikuwa na tarehe hii: 1356998400. Fundi wa kompyuta akanieleza kwamba hizo ni sekunde zinazohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, na kwamba muundo huo hutengenezwa ili usomwe na programu nyingine, wala si na baba wa watoto watatu. Akapiga hesabu, ikatoka Januari 1, 2013, saa 9 kamili usiku kwa saa za hapa kwetu. Mke wangu akauliza nilikuwa wapi saa hizo.

Nikaomba upya kwa HTML, picha za ubora wa juu, miaka yote. Baada ya siku mbili kiungo kikaja, kikiwa na uhai wa siku 4 na vipande 9 vya zipu, karibu kila kimoja gigabaiti 2. Bando langu la mwezi mzima halifiki huko, ikabidi nihamie kwa shemeji mwenye intaneti ya nyumbani. Umeme ukakatika kipande cha 7 kikiwa katikati, na faili likabaki na sura ya kawaida kabisa. Nililitambua tu kwa sababu lilikuwa na megabaiti 900 wakati ukurasa wa kupakulia ulionyesha zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nikafungua kipande cha kwanza, nikabonyeza index.html, nikakuta maneno yote yapo na kila penye picha pana kiboksi cheupe. Nikalaani kwa dakika 10 kabla ya kuelewa kwamba kurasa zimo kwenye kipande kimoja na picha zimetawanyika kwenye vingine, na kwamba vyote 9 hufunguliwa ndani ya folda moja ili vikutane. Vilipokutana, picha zikajaa. Picha za harusi yetu hazikuwamo hata moja, kwa sababu alizipandisha binamu yangu akaniweka jina tu, na kifurushi hubeba ulichopandisha wewe mwenyewe.

Nikabonyeza kufuta hata hivyo. Nikapewa siku 30 za kujifikiria, na siku ya 29 nikaiwasha simu iliyopasuka ili nizitazame picha za harusi kwa binamu, nikakubali kuingia. Kioo kikaniandikia kwamba wamefurahi kuniona tena, na kwamba ombi langu la kufuta limeghairiwa.