Funga chati kwanza, tafuta C ndogo

Fungua karatasi za majibu zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uhandisi mitambo. Ugonjwa ni uleule. Swali la kibadilisha joto linaanza, mstari wa pili NTU, mstari wa tatu "kutoka kwenye chati, ε ni kadhaa". C ndogo, yaani uwezo mdogo wa kubeba joto kati ya mikondo miwili, ni ya mkondo upi? Kimya. Cr, uwiano wa C ndogo kwa C kubwa, imetoka wapi? Imeshuka kama mvua. Kisha jibu linapigiwa mistari miwili chini, kana kwamba wino ukizidi ukweli nao unazidi.

Tuchukue kipoza oili cha kawaida, mikondo ikipita kinyume. Oili inaingia na nyuzi 90, kilo 2 kwa sekunde. Maji yanaingia na nyuzi 25, kilo 1.5 kwa sekunde. UA ya kipoza, yaani joto kinaloweza kupitisha kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya mikondo, ni 6.3 kW/K. Oili inatoka na nyuzi ngapi?

Anayekimbilia chati anatazama 2, anatazama 1.5, anaona maji ndiyo machache, basi maji ndiyo C ndogo. Akipewa karatasi ya pampu yenye lita ndiyo kabisa, maana oili hiyo ikiwa ya moto ni kama lita 141 kwa dakika na maji ni lita 90. Wapo pia walioshika kwamba C ndogo siku zote ni ya mkondo wa moto. Hao hapa wangepatia, na kupatia kwa namna hiyo ni kubaya kuliko kukosa, kwa sababu hakuna atakayewasahihisha.

C ni kilo kwa sekunde mara cp, basi. Kilo moja ya oili inataka takriban 2.1 kJ ili ipande nyuzi moja. Kilo ya maji inataka 4.18, karibu mara mbili. Kwa hiyo oili ni 2 × 2.1 = 4.2 kW/K, na maji ni 1.5 × 4.18 = 6.27 kW/K. C ndogo ni ya oili, mkondo uleule wenye kilo nyingi na lita nyingi. Cr ni 4.2 ÷ 6.27 = 0.67. NTU ni 6.3 ÷ 4.2 = 1.5, tunagawa kwa C ndogo na si nyingine. Hapo sasa fungua chati, tena ile ya mikondo kinyume, si ya sambamba.

Kwa nini C ndogo na si kubwa? Walimu wengi hupita hapa mbio, na hapa ndipo pa kukaa. ε ni joto linalohamishwa kweli ukiligawa kwa joto la juu kabisa ambalo lingeweza kuhamishwa, hata kipoza kingekuwa na urefu usio na mwisho. Tofauti kubwa kabisa ya halijoto tuliyo nayo ni 90 toa 25, yaani nyuzi 65. Jaribu kuyapa maji nyuzi zote 65. Yangebeba 6.27 × 65, kama kW 408. Joto hilo lote litoke kwenye oili, ambayo C yake ni 4.2 tu, na oili italazimika kushuka nyuzi 97. Kutoka 90 inafika 7 chini ya sifuri. Oili imepozwa na maji ya nyuzi 25 ikatoka baridi kuliko barafu! Sasa jaribu upande wa pili: oili ishuke nyuzi 65 mpaka 25, itoe 4.2 × 65 = kW 273, na maji yapande nyuzi 43.5 tu, yafike 68.5. Hakuna kilichovunjika. Mkondo wenye C ndogo ndio unaoishiwa na nyuzi mapema, kwa hiyo ndio unaoweka kikomo. Ukishaliona hili kwa tarakimu hutahitaji kulikariri.

Tumalize. Kwa NTU 1.5 na Cr 0.67, fomula ya mikondo kinyume inatoa ε 0.66. Zidisha kwa 273, unapata kW 180. Oili inashuka 180 ÷ 4.2, nyuzi 43, inatoka na 47. Maji yanapanda 180 ÷ 6.27, kama nyuzi 29, yanatoka na 54. Ndiyo, maji yanatoka ya moto kuliko oili inayotoka, na hapana, hujakosea. Kwenye mikondo kinyume inaruhusiwa.

Sasa kosa lenyewe linaloniudhi. Mwanafunzi ameshika maji kuwa C ndogo, amepata NTU 6.3 ÷ 6.27, yaani 1.005. Anakumbuka kwamba Cr haipaswi kuzidi 1, basi bila kujiuliza anaigeuza iwe 0.67 ili iingie kwenye chati. Chati haibishi. Inampa ε ya 0.54. Anazidisha kwa "Q ya juu" ya maji, 408, na kupata kW 222. Oili inatoka na nyuzi 37, maji yanatoka na 60. Zitazame tarakimu hizo. Oili iko juu ya 25, maji yako chini ya 90, ukipiga hesabu ya joto lililotoka na lililoingia vinalingana vizuri. Hakuna kinachopiga kelele. Jibu limezidi kwa asilimia 23 na limevaa suti.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema "jibu la ajabu utaliona tu". Hili hulioni. Hesabu ya joto kulingana haisaidii, kwa sababu halijoto zote mbili za kutokea zimetolewa kwenye Q hiyohiyo. Ukiweka Q yoyote zitalingana. Kinachomkamata ni kurudi kwenye UA kwa njia ya wastani wa kilogi wa tofauti za halijoto. Kwa jibu lake, mwisho mmoja una tofauti ya 90 toa 60, karibu nyuzi 30, na mwisho wa pili 37 toa 25, yaani 12. Wastani wa kilogi ni takriban 19.7. Mara 6.3 ni kW 124. Yeye amedai 222. Kipoza chake kinafanya kazi ambayo hakina eneo la kuifanya. Kwa jibu sahihi, tofauti ni 36 na 22, wastani ni 28.6, mara 6.3 unarudi kwenye 180. Dakika mbili za kazi.

Kuna ndugu yake kosa hili: C ndogo imetambuliwa vizuri, NTU na Cr sawasawa, ε 0.66 safi, halafu mwishoni mkono unateleza na kuzidisha kwa C kubwa. Zinatoka kW 269. Angalau huyu anaonekana, kwa kuwa kikomo chenyewe ni 273 na hakuna kipoza chenye NTU ya 1.5 kinachokaribia kikomo hivyo.

Haya, niseme na hili, ingawa sitaki. Mtu akikosea mkondo lakini akakosea kwa ukamilifu, yaani NTU 1.005, Cr akaiacha iwe 1.49, akaweka kwenye fomula ya mikondo kinyume na si kwenye chati, atapata 0.44. Mara 408 ni kW 180. Jibu sahihi. Fomula hiyo imejengwa hivyo, haijali unaanzia upande gani mradi usichanganye, hiyo 0.44 inakuwa kipimo cha upande wa maji, 29 kati ya 65. Kwa hiyo sumu haiko kwenye kuchagua maji peke yake. Iko kwenye kuchukua NTU ya upande mmoja na Cr ya upande mwingine, na chati inayoishia Cr ya 1 ndiyo inayokusukuma ufanye hivyo. Lakini usijenge tabia juu ya msamaha huu. Kwenye mikondo inayokatana, ambapo mmoja unachanganyika na mwingine haufanyi hivyo, kuna fomula mbili tofauti, na inayotumika inategemea kama C ndogo ni ya ule unaochanganyika.

Kwenye kondensa usihesabu kilo mara cp ya mvuke hata kidogo. Mvuke unageuka maji bila kubadili halijoto, C yake ni kama haina mwisho, C ndogo ni ya maji ya kupozea, Cr ni 0, na ε ni 1 − exp(−NTU) kwa mpangilio wowote. Anayechukua mvuke kilo 0.1 mara cp ya 2 na kuiita C ndogo amepotea kabla hajaanza.

Na kuitambua C ndogo mara moja hakutoshi, kwa sababu inahama. Rudi kwenye kipoza chetu. Fundi anabana valvu ya maji kutoka kilo 1.5 hadi 0.8. Chini ya kilo 1 hivi, maji yanakuwa mkondo wa C ndogo, 3.34 dhidi ya 4.2. Tuiache UA ile 6.3, maana kizuizi kikubwa kiko upande wa oili na itapungua kidogo tu. NTU inakuwa 1.88, Cr 0.80, ε inapanda hadi 0.70. Inapanda! Wakati huohuo joto linalohamishwa limeshuka hadi kW 151 na oili inatoka na nyuzi 54 badala ya 47. Anayesoma ε kama alama ya mtihani atamsifu fundi. Lugha yetu nayo haisaidii, tumeipa ε jina "ufanisi", jina lilelile la ufanisi wa injini, ilhali hii inapima tu umekaribia kikomo kiasi gani, na kikomo chenyewe kimepungua kutoka 273 hadi 217.

Kwa hiyo, kwenye Excel ya kipoza, seli ya C ndogo isiandikwe jina la oili wala la maji. Ukiweka kilo na cp za oili kwenye B1 na B2, za maji B3 na B4, UA kwenye B5, andika hivi kwenye B6, B7 na B8:

```
=MIN(B1*B2,B3*B4)
=B6/MAX(B1*B2,B3*B4)
=B5/B6
```

C ndogo, Cr, NTU, kwa mpangilio huo. Fundi abane valvu atakavyo. Mikondo ikiwa na C sawa kabisa, Cr inakuwa 1 na fomula ya mikondo kinyume inagawa sifuri kwa sifuri. Hapo weka NTU/(1+NTU), vinginevyo Excel itakuandikia #DIV/0! na kwa mara moja itakuwa upande wako.