Fani Mbili kwenye Upwork: Utenganishe Profaili au Uziunganishe?

"Niko Kampala. Natafsiri Kiingereza na Kiswahili, na pia natunza vitabu vya hesabu kwa QuickBooks. Upwork nitenganishe profaili au niweke vyote pamoja?"

Tuondoe kwanza jambo moja: kwenye Upwork, soko hili la kazi za mtandaoni, akaunti ya pili hairuhusiwi. Anayejaribu kwa barua pepe nyingine huweza kunaswa kwenye uhakiki wa kitambulisho, na kufungiwa kunaweza kuikumba hata akaunti yake ya zamani. Kinachoruhusiwa ni profaili ya jumla na, ndani ya akaunti hiyohiyo, profaili maalumu zisizozidi mbili. Kila profaili maalumu ina kichwa chake, maelezo yake, orodha yake ya ujuzi, bei yake ya saa na sampuli zake za kazi.

Wanaotetea profaili moja wana hoja. Ukiwa na kazi tano tu, ukizigawa mara mbili kila upande utaonekana mtupu, na mteja huogopa mahali patupu. Tena kama fani zako zinanunuliwa na mteja mmoja, mathalani tafsiri na uandishi wa manukuu ya video, kuzitenga ni kumficha mteja huduma ambayo angeinunua hapohapo. Kipimo kizuri ni kujiuliza: je, mtu anayesaini mkataba wa kazi ya kwanza ndiye angesaini wa pili?

Kwa tafsiri na hesabu, mara nyingi siye. Mwenye duka la mtandaoni anayetafuta mtu wa kulinganisha taarifa za benki na vitabu kila mwezi hana haja na Kiswahili chako. Akiona kichwa kama `Swahili Translator | QuickBooks Bookkeeper | Data Entry`, haoni mtu wa fani tatu. Anaona mtu ambaye hesabu kwake ni kazi ya pembeni. Kichwa hakizidi herufi 70, kwa hiyo kila neno la fani nyingine linakula nafasi ya maneno ambayo mteja huyo angeyaandika anapotafuta. Andika `QuickBooks Online Bookkeeper` upande mmoja na `English to Swahili Translator` upande wa pili, halafu mistari miwili ya kwanza ya maelezo ikubaliane na kichwa chake, kwa kuwa ndiyo inayosomwa kabla mteja hajafungua profaili.

Kutenganisha huku kunaeleweka vibaya. Wengi hudhani wamejenga maduka mawili, kumbe ni madirisha mawili ya duka moja. Alama ya mafanikio ya kazi, ile Job Success Score, ni ya akaunti nzima. Hesabu yake ya msingi, kama Upwork ilivyowahi kuieleza, ni matokeo mazuri kutoa mabaya, kisha kugawa kwa jumla. Chukua mikataba kumi ya tafsiri iliyokwenda vizuri: asilimia 100. Ongeza mmoja wa hesabu uliomuudhi mteja: kumi kutoa moja ni tisa, gawa kwa kumi na moja, unapata kama asilimia 82. Hadhi ya Top Rated inataka 90, na kwa hesabu hiyo utahitaji matokeo mazuri kumi na tisa dhidi ya hilo baya moja ndipo uifikie tena. Mikataba mikubwa na wateja wa muda mrefu huwa na uzito zaidi, kwa hiyo namba halisi itatofautiana, lakini mwelekeo ni huo. Mteja wa tafsiri atakuona umeshuka ingawa tafsiri zako hazina kasoro. Ndiyo maana fani changa ianze na kazi ndogo yenye mipaka wazi, kwa mfano kupanga miamala ya mwezi mmoja, kabla hujakubali kusafisha vitabu vya mwaka mzima.

Kosa la pili hutokea wakati wa kutuma ombi. Fomu hukuuliza unaomba kwa profaili ipi. Ukiiacha kwenye ya jumla, mwenye kazi ya hesabu atafungua ukurasa usiomhusu. Angalia My Stats, ukurasa wa takwimu za maombi yako: kama maombi yanafunguliwa lakini hakuna anayekuita kwenye mahojiano, anza kukagua hapo kabla hujashusha bei.

Mteja anaweza pia kufungua profaili zako nyingine, kwa hiyo usijaribu kuficha fani ya pili. Profaili ya jumla iwe daraja. Kwa fani hizi mbili daraja lipo: tafsiri ya nyaraka za fedha, kama taarifa za mwaka za SACCO au masharti ya mikopo. Mtafsiri anayejua tofauti ya faida na mapato, na anayeuona ulinganifu wa hesabu ukivunjika kwenye jedwali alilopewa, anawafaa wateja wa pande zote mbili. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha hapo. Bei na sampuli zikae kwenye profaili maalumu, kila moja upande wake.