Satelaiti Iliyo Juu ya Mogotio: Ni Yetu au Si Yetu?

"Dishi ninazofunga hapa Nakuru zinatazama juu karibu wima, kwa hiyo satelaiti iko juu ya kwetu. Kwa nini lazima ikae juu ya ikweta, tena mbali hivyo, na mbona Kenya haitozi kodi ya mahali ilipo?" Hilo ni swali la fundi mmoja wa dishi wa Nakuru.

Fundi ameona sawa. Satelaiti za Eutelsat za digrii 36 mashariki, ambazo DStv inazitumia kurusha matangazo yake, zipo juu ya mahali ambapo longitudo ya 36 inakatana na ikweta. Mahali hapo ni jirani kabisa na Mogotio, kama kilomita 35 kaskazini mwa mji wa Nakuru. Ukiwa Nakuru, satelaiti imeachana na wima kwa chini ya nusu digrii. Ukiwa Kisumu inaelemea mashariki kwa digrii moja na nusu hivi. Dishi nyingi za nyumbani huonekana zimeinama kwa sababu LNB yake, kile kichwa kinachopokea mawimbi, imewekwa pembeni badala ya katikati, lakini mawimbi yanayofika kwake yanashuka moja kwa moja kutoka utosini.

Jambo hili unaweza kulihakikisha bila kifaa chochote. Karibu na tarehe 20 Machi jua hupita juu ya ikweta, na mnamo saa saba kasoro robo mchana, kwa saa za Nakuru, linakuwa nyuma ya satelaiti hiyo hasa. Kelele za redio za jua huingia kwenye dishi pamoja na mawimbi ya satelaiti, na picha inakatikakatika kwa dakika chache. Septemba, karibu na tarehe 23, hutokea vivyo hivyo mnamo saa sita na nusu. Fundi asiyejua hili anaweza kupanda juu ya paa na kuanza kulegeza nati za dishi ambalo halina ubaya wowote.

Sasa, kwa nini ikweta? Dunia huvuta kila kitu kuelekea kitovu chake. Satelaiti iliyozima injini haina kingine cha kuishika, kwa hiyo njia yake lazima izunguke kitovu hicho. Kata chungwa kwa kisu: kila mkato unaopita katikati kabisa unaweza kuwa njia ya satelaiti, na mkato unaopita pembeni hauwezi. Kuizunguka Dunia juu ya latitudo ya Lodwar peke yake, digrii tatu kaskazini, ni mkato wa pembeni. Satelaiti ikijaribu, mvutano utaishusha kusini, ivuke ikweta, ifike digrii tatu upande wa pili, kisha irudi. Hata kama mzunguko wake ni wa siku moja kamili, mtu aliye chini ataiona ikipanda na kushuka kila siku, ikichora namba nane angani. Dishi lililofungwa kwa nati haliwezi kuifuata. Mkato pekee unaopita kitovuni na wakati huohuo usiopanda kaskazini wala kushuka kusini ni ule wa ikweta.

Kimo nacho hakikuchaguliwa na mtu. Kadiri satelaiti inavyokuwa karibu na Dunia ndivyo inavyolazimika kukimbia zaidi ili isianguke. Kituo cha anga cha kimataifa, kilicho kama kilomita 400 juu, humaliza mzunguko kwa takriban dakika 92. Mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,400, huchukua siku 27 na kitu. Kati ya hizo mbili upo umbali mmoja tu ambapo mzunguko unalingana na kujizungusha kwa Dunia, yaani saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Saa 24 tunazozihesabu ni kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, na zile dakika nne zinaongezeka kwa kuwa Dunia pia inasogea ikilizunguka jua. Hesabu yenyewe ni fupi:

r³ = GM × T² / 4π²

GM, yaani kipimo cha mvutano wa Dunia, ni 398,600 ukihesabu kwa kilomita na sekunde, na T, muda wa mzunguko, ni sekunde 86,164. Jibu, yaani r, ni kilomita 42,164 kutoka kitovuni. Ondoa kilomita 6,378 kutoka kitovu hadi usawa wa ikweta, zinabaki 35,786. Uzito wa satelaiti haumo kwenye hesabu hii. Iwe ya tani sita au ya kilo sitini, kimo ni kilekile. Ukiipandisha kilomita 10 tu, inaanza kuchelewa na kuteleza magharibi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya digrii kila siku. Wiki moja na siku mbili baadaye imeshaihama nafasi yake kwa zaidi ya digrii nzima.

Hapo ndipo swali la kodi linapopata uzito. Njia hiyo ya juu ya ikweta ni kama pete iliyoizunguka Dunia, na ni moja tu, haina ya pili. Satelaiti mbili zinazotumia masafa yaleyale zikikaribiana mno, dishi dogo la nyumbani hushindwa kuzitenganisha, kwa hiyo huwekwa mbalimbali kwa digrii mbili au tatu. Mduara mzima una digrii 360. Nafasi zinahesabika.

Na Kenya iliwahi kudai sehemu yake. Desemba 1976, nchi nane zinazopitiwa na ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo pamoja na Kolombia, Ekwado, Brazili, Kongo, Zaire na Indonesia, zilitoa Azimio la Bogota. Zilisema kila nchi inamiliki kipande cha pete kilicho juu ya ardhi yake, na vipande vilivyo juu ya bahari kuu ni urithi wa wanadamu wote. Watu wengi wa nje wamelicheka azimio hilo. Mimi naona hoja zake zilifikiriwa vizuri kuliko wanavyokiri. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujitwalia anga hizo, lakini hausemi anga za juu zinaanzia wapi. Mkataba wa shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, wa 1973 uliiita pete hii mali asili yenye kikomo. Nchi za ikweta zikauliza: mali asili ni haki ya nani, kama si ya nchi ilipo? Tena zikaongeza kwamba pete hiyo ipo kwa sababu ya mvutano wa Dunia, kwa hiyo ni sehemu ya Dunia.

Wakati ule ulikuwa na uchungu wake. Satelaiti ya kwanza ya aina hii, Syncom 3, iliwekwa mahali pake 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Utaratibu ulikuwa wa aliyetangulia kuomba ndiye apate, na waliokuwa na uwezo wa kutangulia walikuwa wachache, wote matajiri. Kwa mtu wa Maseno, ambako bango la ikweta liko kando ya barabara, ilikuwa haki kuuliza iwapo nafasi zitakuwa zimebaki siku nchi yake itakapokuwa tayari.

Hata hivyo, hoja ya mvutano haisimami, na inaangushwa na mambo yaleyale tuliyoyaona. Kinachoishika satelaiti juu ya Mogotio si udongo wa Mogotio. Inavutwa na Dunia nzima kuelekea kitovu, barafu za ncha za kaskazini na kusini zikiwemo. Tena haikai pale kwa hiari yake. Ikweta si duara kamili, na kasoro hiyo ndogo huzisukuma satelaiti za upande huu kuelekea digrii 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Ile ya digrii 36 ikiachwa bila kurekebishwa, itakuwa imetoka kwenye anga ya Kenya ndani ya miezi michache. Mwezi na jua nazo huiinamisha njia yake kwa karibu digrii moja kila mwaka. Hutulia pale kwa sababu waendeshaji wanachoma mafuta mara kwa mara ili isitoke nje ya takriban sehemu ya kumi ya digrii kila upande, ambayo kule juu ni zaidi ya kilomita 70. Mafuta yakikaribia kuisha, huondolewa ili iipishe nyingine.

Hata tukikubali dai lote, tungepata nini? Ikweta inapita Kenya kwa digrii kama saba, kutoka Ziwa Viktoria hadi mpaka wa Somalia. Kwa umbali wa digrii mbilimbili, hizo ni nafasi tatu au nne. Tanzania, ambayo haiguswi na ikweta, ingekosa kabisa, na bado satelaiti iliyo juu ya Mogotio inaonekana Dodoma sawa na inavyoonekana Nakuru. Satelaiti ya pete hii huona zaidi ya theluthi moja ya uso wa Dunia. Kuifanya mali ya aliye chini yake tu kungebadilisha dhuluma moja kwa nyingine, na sioni kwa nini jirani angekubali.

Nchi nyingine zililikataa azimio, na Kenya yenyewe baadaye ikajiunga na ule mkataba wa 1967. Lakini kelele za Bogota hazikupotea bure. Mwaka 1988 ITU ilikamilisha mpango unaoitengea kila nchi mwanachama walau nafasi moja katika masafa fulani, iwe tajiri au maskini, iwe iko ikweta au haiko. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafanikio halisi ya madai yale, ingawa hayafanani na yalivyoandikwa. Udhaifu wake ni kwamba nafasi bila satelaiti haimpi mtu kitu, na satelaiti moja ya aina hii, pamoja na kurushwa, hugharimu mamia ya mamilioni ya dola.

Kuhusu kodi, fundi anaitafuta mahali pasipo. Kenya haiwezi kutoza kilicho kilomita 35,786 juu, lakini anayeuza matangazo au intaneti ya satelaiti kwa Wakenya anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hapo sheria yetu ina meno, hata kama satelaiti yenyewe iko juu ya nchi nyingine. Na upande wa nafasi zenyewe, Tonga imeshaonyesha njia. Ni visiwa vidogo vilivyo digrii 20 hivi kusini mwa ikweta, visivyo na sentimita moja ya ikweta. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliwasilisha ITU maombi ya nafasi 16. Ilipingwa vikali, ikapunguza, lakini ikabaki na kadhaa na ikaanza kuzikodisha kwa kampuni za nje.