Pontormo hakushindwa kuchora uzito

Kuna maelezo mawili ya Manerizimu, mtindo wa uchoraji wa Italia uliofuata enzi ya Rafaeli, na Pontormo ni mmoja wa wachoraji wake; yote mawili yananichosha. La kwanza linadai kwamba wachoraji waliokuja baada ya Rafaeli hawakumfikia kwa ustadi, ndiyo maana watu wao wana shingo ndefu na miili iliyojikunja. La pili linasema Roma ilivamiwa na kuporwa mwaka 1527, wachoraji wakapata kiwewe, na kiwewe hicho kikaonekana kwenye picha. Yote mawili ni mepesi mno. Zichukue picha mbili za tukio lilelile, Yesu akibebwa baada ya kufa msalabani, uone.

Rafaeli aliichora yake mwaka 1507, ikiwa imeagizwa na Atalanta Baglioni wa Perugia, mama aliyempoteza mwanawe Grifonetto katika ugomvi wa ndani ya ukoo. Leo iko Roma, katika Jumba la Makumbusho la Borghese. Wanaume wawili wamekamata shuka alilolazwa Yesu. Wameegemea nyuma, miguu imekanyaga chini kwa nguvu, na shuka limevutika. Mzigo huo unauona unapita mikononi, mgongoni, hadi kwenye nyayo. Nyuma yao kuna mlima wenye misalaba, kwa hiyo unajua wametoka wapi. Huzuni ipo, Maria, mama wa Yesu, amezimia pembeni, lakini kila mtu ana mahali pake pa kusimama.

Sasa nenda Firenze, kanisa la Santa Felicita, kwenye kikanisa kidogo cha ukoo wa Capponi. Pontormo alifanya kazi humo kuanzia 1525 hadi 1528, na Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba alijifungia kwa takribani miaka mitatu bila kuruhusu mtu aone. Picha ya altareni ina urefu wa zaidi ya mita tatu. Msalaba haumo, kaburi halimo, mlima haumo. Kuna kipande cha ardhi chini na wingu moja juu. Katikati ya hapo watu wamerundikana hadi ukingo wa juu, na ukijaribu kufuata miguu ya wale wa nyuma uone wanakanyaga nini, unapotea. Bikira Maria, mkubwa kuliko wenzake, anaanguka nyuma kana kwamba ameketi, ila kiti hakionekani. Katikati kabisa, pale ambapo Rafaeli angeweka mwili wa mtu, kuna mikono na vitambaa tu.

Na mbebaji? Kijana aliyechuchumaa mbele amembeba Yesu mabegani huku yeye mwenyewe akiwa juu ya vidole vya miguu. Jaribu kuchuchumaa hivyo na maiti ya mtu mzima mgongoni. Hakuna msuli unaolalamika; kinachoonyesha shida ni uso wake, unaotutazama kwa mashaka. Hapa ndipo ninapokataa hoja ya kushindwa. Pontormo alipita mikononi mwa mchoraji Andrea del Sarto, na michoro yake ya maandalizi inaonyesha alijua vizuri jinsi mwili unavyosimama. Ameutoa uzito kwenye miguu akauhamishia machoni.

Rangi zinafanya kazi hiyohiyo. Waridi, buluu ya maji na kijani hafifu zimewekwa bila vivuli vizito, na Vasari alinung'unika kwamba mwanga na giza havitofautiki. Bila kivuli, mwili haushikamani na ardhi. Nadhani Vasari aliona sawasawa, akakosea tu kuiita kasoro.

Hoja ya kiwewe inaangushwa na tarehe. Pontormo alianza miaka miwili kabla ya Roma kuporwa, na mchoraji mwenzake Rosso Fiorentino alishachora kushushwa kwa Yesu msalabani katika mji wa Volterra mwaka 1521, ngazi zimeyumba na watu wana pembe kama mbao zilizochongwa. Cheche zenyewe ziko ndani ya Rafaeli: mwanamke aliyepiga magoti kumpokea Maria amejipinda kiuno kwa namna ambayo Pontormo angeipenda. Ulinganifu ulikuwa umeshafikishwa mwisho wake, na kijana mwenye akili hakuwa na sababu ya kuurudia.

Lakini siutetei mtindo wote. Mchoraji Parmigianino, katika Madonna wa Shingo Ndefu aliyeachwa bila kumalizika, anarefusha shingo, vidole na hata mtoto, akiwabana malaika upande mmoja huku upande wa pili nguzo ikisimama na Mtakatifu Yeronimo mdogo kama mwanasesere miguuni pake. Pale urefu una kazi: mtoto analala kama maiti mapajani mwa mama, na uzuri wote unatia wasiwasi. Baadaye, kwenye kazi nyingi za Vasari mwenyewe, watu wanajikunja kwa sababu kujikunja kumekuwa desturi. Ukutani pamejaa mabega na mapaja, na ukiuliza nani anabeba nini, hakuna anayebeba kitu.