Sufuria ya Makande na Shemeji wa Dar

Mtu aliyesema makande ni chakula cha bei rahisi hakuwahi kutumwa mkaa. Mahindi ni rahisi, nakubali. Maharage nayo, ukiwa Mbeya, ukilalamikia bei yake watu watakuuliza umetokea wapi. Kinachokula hela ni moto. Hela ikishaliwa na moto, nawe pia unaliwa, Jumamosi yako yote, kwa sababu mama watoto anajifunga khanga anaelekea kwenye kikoba na kukuachia neno moja mlangoni: "Baba, utaangalia hiyo sufuria." Kuangalia tu, kana kwamba nimekabidhiwa televisheni.

Kazi yenyewe inaanza Ijumaa jioni. Mke wangu ni mtu wa Tukuyu na hataki kusikia habari ya mahindi ya kukoboa. Anasema yaliyokobolewa yanaiva haraka lakini ukila yanapita tu, hujui ulikula saa ngapi. Kwa hiyo kwetu ni mahindi na ganda lake, kilo moja, na maharage nusu kilo. Yanaoshwa, yanachambuliwa mawe, halafu yanalowekwa mbalimbali, mahindi kwenye beseni lake na maharage kwenye bakuli lake. Mbalimbali kwa sababu hayaingii jikoni wakati mmoja, hilo nitalifikia, nikipona na hasira.

Sasa, kuloweka kwa Julai ya Mbeya si kuloweka. Maji ya bombani yanauma vidole, na maji baridi yanaingia kwenye punje polepole sana. Ukiloweka kwa maji hayo saa mbili usiku, asubuhi unakuta mahindi yamelala vizuri kuliko wewe na hayajavimba. Ndiyo maana kwetu tunatumia maji ya uvuguvugu na beseni linafunikwa. Linawekwa jikoni karibu na jiko, na ole wake atakayelisogeza ili apate pa kukaa.

Asubuhi ndipo unapomjua aliyekuuzia. Maharage mazuri yanakuwa yamejaa, ganda limenyooka, ukiyakata katikati kwa ukucha yanakatika. Yaliyoliwa na wadudu yanaelea, hayo unayatoa bila huruma. Lakini yapo mengine yamezama vizuri tu na bado ni madogo, magumu, ganda limekunjamana au halijabadilika kabisa. Hayo ni ya zamani. Maharage yakikaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu, yanagoma. Utayaloweka, utayachemsha, utayaombea, yatabaki na kiini kigumu. Basi mwenye kibanda fulani, ambaye simtaji maana tunasalimiana, alinipimia maharage ya njano, juu mapya yanang'aa, chini ya gunia ya mwaka juzi yaliyokwisha kuingia rangi ya kahawia. Kwenye mfuko yote yanaitwa ya njano. Kwenye sufuria ni makabila mawili yasiyoelewana.

Huyo mwenye kibanda nitamrudia. Kwanza shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja kutoka Dar kututembelea, amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Ni mjuaji. Saa tatu asubuhi nimebandika mahindi, saa nne ananiuliza, "Shemeji, bado tu? Sisi kule yangekuwa yameshaiva." Nikamwambia kule mko usawa wa bahari. Hapa mjini tuko mita 1,700 hivi juu, hewa haikandamizi sana kama kwenu, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Unaona yanaruka sufuriani, mapovu, kelele, unadhani kazi inafanyika, kumbe joto lenyewe ni pungufu. Ndiyo maana chakula kigumu huku kinataka saa nyingi kuliko pwani.

Mjuaji akasikia neno "joto pungufu", akachukua mkaa na kujaza jiko mpaka likawa jekundu. Jamani! Maji yakishachemka yamefika mwisho wake. Ukiongeza moto hayazidi kuwa ya moto, yanazidi kugeuka mvuke. Yaani amechoma mkaa wangu ili apashe joto dari. Na maji yakikauka, nani anaongeza? Mimi. Yakichemka vizuri, funga mlango wa jiko, mwagia majivu kidogo juu ya mkaa, acha yatokote taratibu na mfuniko juu. Moto wa kutokotesha unakula mkaa kidogo kuliko ule wa fujo, na punje zinaiva vilevile.

Kuhusu kuongeza maji nina malalamiko ya kujitegemea. Mahindi makavu yanakunywa, maharage yanakunywa, mvuke unachukua chake, na kila mtu akipita anafunua mfuniko aone. Maji yanatakiwa yabaki juu ya punje kama vidole viwili. Yakishuka, unaongeza ya moto, siyo ya bombani. Ukimwaga jagi la maji ya bomba la Mbeya kwenye sufuria inayotokota, inanyamaza kabisa, na unakaa robo saa nzima ukiisubiri ianze kuongea tena. Fanya hivyo mara chache tu na umepoteza saa nzima ya mkaa. Kwa hiyo unahitaji birika pembeni lenye maji ya moto. Birika linahitaji jiko la pili. Jiko la pili linahitaji mkaa wake. Halafu mtu anakwambia makande ni chakula cha bei rahisi.

Saa tano ndipo maharage yanaingia. Mahindi yenye ganda, hata yakiwa yamelowekwa, kwetu yanataka saa nne hivi. Maharage mapya yaliyolowekwa yanataka kama mbili. Ukiyatia pamoja tangu mwanzo, mahindi yakiiva maharage yameshakuwa uji. Unasubiri mpaka ubonyeze punje ya hindi kwa vidole ianze kukubali kwa nje huku katikati kuna kiini cheupe kigumu, hapo unamwaga yale maji ya kulowekea maharage (maana humo ndimo umebaki upepo unaosumbua matumbo usiku) na maharage yanaingia. Sasa unachochea moto tena kidogo, uyachemshe kwa nguvu angalau dakika kumi za mwanzo, ndipo urudi kwenye kutokotesha. Hili silifanyii mzaha. Maharage, hasa mekundu, yakiwa nusu mbichi yana sumu inayotapisha, na watoto wangu wana tabia ya kudokoa. Mdogo nimemfukuza na mwiko, akaenda kumshtaki mjomba wake.

Mjomba naye alikuwa anakuja na nyanya. Amezikata vizuri kabisa kwenye sahani, pamoja na kitunguu na karoti. "Tutie sasa hivi, shemeji, zipate kukolea." Nikasimama mbele ya sufuria. Uchachu wa nyanya unashika ganda la maharage lisilainike. Ukizitia mapema, hata maharage ya juzi yatakaa kama ya mwaka juzi, na mimi ya mwaka juzi ninayo tayari, sihitaji kutengeneza mengine. Nyanya ni mwisho, kila kitu kikishaiva. Chumvi nami naitia mwisho kwa sababu nyingine, kwamba maji yanapungua na kuongezwa mchana kutwa, na chumvi iliyokuwa sawa saa tano inaweza kuwa ya kutibia ng'ombe saa tisa.

Basi ikafika saa saba. Mahindi yameiva, unabonyeza yanapondeka mpaka katikati. Nikachota maharage kijiko kimoja, nikayaponda moja moja kwa ulimi kwenye kaakaa. La kwanza limeyeyuka. La pili limeyeyuka. La tatu, tap! Jiwe. La nne jiwe. Ndiyo yale ya chini ya gunia. Sasa fanya uamuzi wewe. Ukiepua, wageni watatafuna changarawe. Ukiendelea, yale mapya yatapasuka.

Jirani, dada mmoja mwenye ushauri kwa kila kitu, akapenyeza kichwa dirishani: "Tia magadi." Najua magadi yanalainisha, simbishii. Kidogo sana, kwenye ncha ya kijiko, na hata maharage sugu yanakubali. Lakini ukizidisha makande yanageuka rangi, yanateleza, na unapomeza unasikia ladha ya sabuni. Tena magadi yanaharibu baadhi ya vitamini vya maharage. Nikamshukuru, akabaki dirishani.

Kuna watu watasema nunua presha kuka. Ninayo. Nayo ndiyo jawabu la kweli la milimani, maana humo ndani mvuke ukibanwa maji yanapita nyuzi 100 bila kujali uko Mbeya au Tanga, na kazi ya saa nne inaisha kwa saa moja au pungufu. Mpira wake ulikatika. Nimezunguka Mwanjelwa, kila duka wana mpira, na kila mpira ni wa presha kuka ya mtu mwingine.

Tukaendelea. Saa nane nikaongeza maji ya birika. Kuanzia hapo ndipo huruhusiwi kwenda hata chooni kwa raha, kwa sababu maharage mapya yalishaanza kupasuka, rojo limekuwa zito, na rojo zito linashuka chini na kushika. Unapitisha mwiko mpaka chini kila baada ya dakika chache. Ukisikia mwiko unakwaruza na harufu imebadilika, usikorogee ndani, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine uache kilichoungua na sufuria yake. Namshukuru Mungu hatukufika huko. Saa tisa mawe yakakubali, siyo yote, lakini kiasi cha mtu kutafuna bila kuonekana.

Ndipo nyanya zikaingia, na kitunguu, na karoti, na chumvi, na mafuta kidogo. Dakika ishirini. Yale mapya yaliyopasuka, ambayo nilikuwa nayalaumu, ndiyo yaliyotoa ule mchuzi mzito unaoshikamana na hindi. Tukaepua, tukakata maparachichi, chai ikamiminwa.

Mke wangu akaingia saa hiyohiyo kutoka kikoba. Akaonja. Akasema, "Haya maharage umenunua wapi? Mbona mengine magumu?" Shemeji, ambaye sahani yake ilikuwa ya pili, akajibu kabla yangu: "Dada, nilimwambia aongeze moto." Na yule jirani wa dirishani alikuwa ameshaingia ndani, bakuli mkononi, lile kubwa la familia.