Kodi imetumwa, mwenye nyumba asema hajaiona

"Nimepanga Maweni, Malindi, kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Mzee mwenye nyumba aliniambia kwa mdomo nimtumie mwanawe kodi kwa M-Pesa. Miezi minane haikuwa na neno. Sasa asema hii mitatu ya mwisho hajapokea hata senti, nimlipe 36,000. Meseji ninazo zote. Hazitoshi?"

Meseji zaonyesha pesa zilitoka kwako zikaingia kwa kijana. Hazionyeshi kwamba zikifika kwa kijana, zimefika kwa babake, na mzozo wote uko hapo.

Mzee ana hoja. Katika Sheria ya Ushahidi, anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha, kwa hiyo kuthibitisha kwamba ulilipa ni mzigo wako. Meseji haisemi pesa ni za nini. Kijana aweza kudai ulikuwa ukimlipa deni. Na huenda mzee hadanganyi. Kijana akiwa na deni la Fuliza, pesa zikiingia hukatwa papo hapo, na salio halionyeshi kitu. Lakini hilo ni deni la kijana, si lako.

Nguvu yako naiona katika ile miezi minane kuliko katika mitatu inayobishaniwa. Namba ile ile, kiasi kile kile, na mzee hakukudai. Neno la mdomo hukanwa kwa urahisi. Mwenendo wa miezi minane ni mgumu kuukana, kwa sababu itambidi aeleze kodi ya wakati huo aliipokea kwa njia gani. Ukiwa na ujumbe wake hata mmoja wa "nimeona", utunze kama hati ya shamba.

Kwa hiyo omba taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, ianze mwezi ulipohamia nyumba hiyo, si hii mitatu pekee. Meseji mtu aweza kuihariri. Taarifa ina namba ya kila muamala, saa na jina la mpokeaji. Tia alama mistari yote 11, umpelekee mzee nakala pamoja na barua, ukimwomba kijana naye atoe taarifa yake ya siku hizo. Mkifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria hiyo ya Ushahidi chataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha namna ulivyotolewa, basi simu hiyo usiiuze wala kuifuta.

Kuna jambo moja laweza kukuangusha. Kama mzee alikwambia uache kumtumia kijana, nawe ukaendelea, pesa za baada ya siku hiyo utamdai kijana, na babake bado atakudai wewe. Jiulize hilo kwa ukweli kabla ya kuandika barua.

Kodi ya mwezi ujao usiizuie kwa hasira, maana hilo litakuwa deni la kweli. Mwombe mzee akuandikie namba ya kuitumia, na hadi ajibu, mtumie kwenye simu yake mwenyewe.